Kwa nini mgando wa mozarela hugoma kuvutika

Ukitumbukiza vipande vya mgando wa maziwa kwenye maji ya moto kwa nia ya kupata jibini ya mozarela, huenda vikalainika, vikashikamana, vikawa bonge moja linalong'aa ambalo ukilishika upande mmoja na kuliinua hushuka taratibu kwa uzito wake bila kukatika. Huenda pia vikabaki vilevile na kuvunjika mkononi. Na huenda vikasambaratika mpaka maji yote yakawa meupe. Kwa kuwa balaa hujitokeza ndani ya maji ya moto, wengi huyalaumu maji hayo. Huongeza moto, hukanda kwa nguvu zaidi, hurudia tena na tena. Ni kazi bure mara nyingi, maana maji ya moto hayaupi mgando uwezo wa kuvutika. Yanaonyesha tu kama uwezo huo umeshapatikana.

Uwezo huo unategemea zaidi kitu kimoja: kiasi cha kalsiamu kilichobaki ndani ya mgando siku hiyo, saa hiyo. Ikiwa nyingi mno, mgando haulainiki. Ikiwa imepungua mno, mgando haushikamani. Katikati pana nafasi nyembamba, na ufundi wote wa jibini hii ni kuifikia nafasi hiyo na kuacha kila kitu kingine ili uvute kabla haijapita.

Protini kuu ya maziwa huitwa kaseini. Haielei peke yake, bali imekusanyika katika vifundo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kila kifundo kimeshikiliwa kwa ndani na kalsiamu iliyoungana na fosfeti. Takribani theluthi mbili za kalsiamu yote ya maziwa imo humo ndani ya vifundo; iliyobaki imeyeyuka katika maji ya maziwa. Tuiite kalsiamu ya vifundoni gundi, kwa sababu ndiyo kazi inayofanya. Unapotia reneti, yaani dawa ya kugandisha maziwa, kimeng'enya chake hukata sehemu ya nje ya vifundo, ile inayovifanya visukumane. Vikishapoteza ngozi hiyo, hugusana na kushikana, na maziwa yote hugeuka kuwa tando moja laini iliyonasa mafuta na maji. Huo ndio mgando. Lakini mgando huo mchanga bado una gundi yake karibu yote. Utie kwenye maji yenye joto la nyuzi 80 za Selsiasi na utakaza, utakamuka maji, utakuwa kama kifutio cha penseli. Hautavutika hata kidogo.

Asidi ndiyo inayoilegeza gundi. Bakteria wanapokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka kutoka kwenye vifundo na kuhamia kwenye maji ya jibini, yaani yale majimaji ya kijani-njano yanayojitenga na mgando. Kadiri uchachu unavyopanda ndivyo gundi inavyopungua. Ikifika kiwango fulani, nyuzi za kaseini hubaki zimeshikana kiasi cha kutotengana, lakini zimelegea kiasi cha kuteleza zikivutwa zikiwa moto. Zikivutwa hujipanga upande mmoja, na mafuta na maji hukaa katikati ya safu zake. Ndiyo maana mozarela nzuri ukiichana hutoka matabaka matabaka kama nyama ya kuku iliyoiva.

Uchachu hupimwa kwa pH, na namba zake zinapungua uchachu unavyoongezeka. Maziwa mabichi mazuri yana pH ya 6.6 au 6.7. Kwa mgando uliochachushwa na bakteria, nafasi ya kuvutika iko kati ya 5.3 na 5.1, na wengi hulenga 5.2. Kwenye pH ya 4.6 kaseini hufika mahali ambapo haina tena chaji ya kuifanya ishikane na maji, nayo hukusanyika kwa namna nyingine kabisa, chembechembe kama za mtindi uliochujwa. Kutoka 5.2 hadi huko si mbali, na bakteria wenye afya hawasimami kukusubiri.

Tuchukue mfano wa lita 8 za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta, tuyafuate hatua kwa hatua, maana makosa mengi yamejificha kwenye hatua zinazoonekana hazina maana.

Maziwa yamepashwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30 kuua vijidudu, kisha yamepozwa hadi nyuzi 37. Yanatiwa gramu 120 hivi za yogati hai isiyo na sukari wala ladha, iliyokorogwa kwanza na maziwa kidogo ili isibaki na madonge. Bakteria wa yogati hupenda joto, na hilo ni muhimu baadaye. Baada ya dakika 45 hutiwa reneti kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu nguvu za reneti hutofautiana sana. Huchanganywa kwanza na robo kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini huidhoofisha reneti, na mtu anaweza kudhani maziwa ni mabaya kumbe tatizo ni hiyo robo kikombe ya maji.

Kati ya dakika 30 na 40 mgando huwa tayari. Ukichomeka kisu kiubavu na kukiinua, hupasuka kwa mpasuko safi na maji ya jibini hujikusanya kwenye ufa. Hukatwa vipande vya sentimita 2, huachwa dakika 10 vipate nguvu, kisha hukorogwa polepole sana huku joto likipandishwa hadi nyuzi 40. Baada ya nusu saa huachwa vitulie chini ya maji yake.

Hapa pana uamuzi ambao mapishi mengi huupita kimyakimya: umwage maji ya jibini lini? Kalsiamu inayoyeyuka huondoka na maji hayo. Ukiyamwaga mapema, pH ikiwa bado 6.4, sehemu kubwa ya kalsiamu hubaki kwenye mgando, na jibini itakuwa ngumu zaidi hata ukiuchachusha sawasawa baadaye. Ukisubiri mpaka pH iwe karibu na 6.0, kalsiamu nyingi zaidi hutoka, na mgando utavutika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza wote kufika 5.2 na bado wakapata jibini mbili tofauti. Katika mfano wetu tunasubiri saa moja hivi, tunachuja, na tunabaki na bamba la mgando lenye uzito unaokaribia kilo moja pamoja na majimaji ambayo bado yanadondoka.

Bamba hilo huachwa lichachuke, likiwa limefunikwa kwenye chujio juu ya sufuria yenye maji ya uvuguvugu. Joto lake libaki karibu na nyuzi 40. Ukiliacha mezani likapoa hadi joto la kawaida la chumba, bakteria wapenda joto hulala, nawe unaweza kungoja hadi usiku pH isishuke. Likitunzwa joto, kufika 5.2 huchukua kati ya saa 2 na 4, kutegemea nguvu ya yogati. Uchachu pia haupandi kwa mwendo sawa. Huanza kwa uvivu kisha hukimbia, na mtu aliyezoea kuona hakuna kinachotokea huenda kulala kidogo akaamka nafasi imeshapita.

Kipima pH cha kidijitali husaidia, mradi kimerekebishwa kwa vimiminika vyake viwili vya kupimia, vya 4 na 7. Karatasi za rangi sizipendi kwa kazi hii, maana weupe wa maziwa huzichanganya na hatua zake ni pana kuliko nafasi tunayoitafuta. Ila kipimo kinachoaminika kuliko vyote hakihitaji chombo. Ni kuvuta. Kata kipande cha gramu 30, kichane vipande vyembamba, kitie kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 80, subiri dakika moja na nusu, kibonyeze kwa kijiko kishikane, kikunje mara mbili tatu, kisha kivute.

Katika bamba letu la lita 8, kipande kilichojaribiwa saa moja baada ya kuchuja, pH ikiwa karibu 5.8, kinabaki na kingo zake kana kwamba hakijaguswa na moto. Kinateleza kwenye kijiko, hakitaki kushikana na mwenzake, na ukikivuta kinakatika mara moja na kuacha uso wenye mikwaruzo. Maji ya kikombe yanabaki karibu safi. Kumbuka dalili hiyo ya maji safi.

Dakika 40 baadaye, pH ikiwa 5.5, kipande kingine kinalainika na vipande vinashikamana shingo upande. Kinavutika upana wa vidole vitatu kisha kinachanika, na kilichochanika kinarudi nyuma kama mpira. Uso wake una mabonde, haung'ai. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Wanaona dalili ya kuvutika, wanadhani imebaki nguvu ya mkono, wanatia bamba zima kwenye maji ya moto. Matokeo yake ni jibini ngumu yenye madonge ndani, inayotoa mlio kwenye meno. Na joto la nyuzi 60 limeshaua au kudhoofisha bakteria wengi, kwa hiyo hata ukijuta na kusubiri, uchachu hautaongezeka kama ulivyotarajia. Kwa sababu hiyo tunajaribu kipande kidogo, bamba likiwa salama pembeni.

Kuanzia hapo jaribu kila dakika 20. Kwenye 5.2 kipande kinayeyuka umbo ndani ya dakika moja. Kingo zinapotea, vipande vinakuwa kimoja bila kulazimishwa, uso unang'aa, na ukikiinua kwa kijiko kinashuka kwa uzito wake kama utepe mrefu kuliko kiganja. Kwenye utepe huo unaona nyuzi nyembamba zikienda upande mmoja. Maji yanakuwa na ukungu kidogo tu wa mafuta. Sasa ndiyo saa.

Ungechelewa, pH ikashuka chini ya 5.0, ungeona kinyume cha kile kipande cha kwanza. Kipande kinalegea upesi, hata kinatia matumaini, kisha kinaanza kumomonyoka. Maji yanakuwa meupe kwa chembe na mafuta. Ukikivuta kinatoa nyuzi fupi zinazokatika, na mkononi kinabaki uji wa chengachenga. Gundi imekwisha, hakuna cha kuzishikilia nyuzi pamoja. Kugoma kuna sura mbili, na tiba za sura hizo zinapingana: mgando unaokaa na umbo lake katika maji safi unahitaji muda zaidi, na ule unaosambaratika katika maji meupe umepewa muda kupita kiasi. Anayejua tu kwamba "umekataa kuvutika" hajui bado aende upande gani.

Kuna njia ya mkato inayotumiwa sana nyumbani, na namba zake huwachanganya watu. Badala ya kungoja bakteria, unatia asidi ya sitriki moja kwa moja. Kwa lita 4 za maziwa hutumika gramu 6 hadi 7 zilizoyeyushwa katika kikombe cha maji baridi, zikamiminwa kwenye maziwa yaliyo baridi huku ukikoroga. Maziwa yakiwa ya moto, asidi hiyo itayakata papo hapo kabla hujaikoroga ikaenea. Kisha unayapasha hadi nyuzi 32, unatia reneti, unasubiri dakika chache mgando ushike, unakata, unapasha taratibu hadi nyuzi 40 hivi, unachuja, unavuta. Kazi yote huisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo.

Ajabu ni kwamba mgando huu huvutika vizuri kwenye pH ya 5.6 hadi 5.7, kiwango ambacho kwa mgando wa bakteria ni kipande kisichofaa. Hilo halipingani na yaliyotangulia. Kinacholegeza nyuzi ni kupungua kwa kalsiamu, na pH ni njia tu ya kukisia imepungua kiasi gani. Asidi ya sitriki imetiwa kabla ya reneti, kwa hiyo kalsiamu iliyeyuka maziwa yakiwa bado kimiminika, ikaenda zake na maji ya jibini mara mgando ulipochujwa. Zaidi ya hapo, sitriki yenyewe huikamata kalsiamu na kuifunga. Mgando unafika 5.6 ukiwa na kalsiamu ndogo kuliko mwenzake wa bakteria kwenye pH hiyohiyo. Anayesoma mahali kwamba mozarela huvutwa kwenye 5.2, akaongeza sitriki mpaka afike huko, atapata chenga laini zisizoshikana, na atalaumu reneti.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba huna cha kusubiri. Asidi uliyotia ndiyo hiyo, na mgando ukishachujwa hauchachuki tena. Maziwa nayo hayafanani. Yenye protini nyingi hunyonya asidi zaidi kabla pH haijashuka, kwa hiyo gramu 6 zilizotosha kwa maziwa ya mwezi jana huenda zikapungukiwa kwa haya ya leo. Ukiona mgando wa sitriki umebaki na umbo lake katika maji ya moto yenye joto la kutosha, mara ijayo ongeza nusu gramu kwa kila lita 4. Ukiona umemomonyoka, punguza kiasi hichohicho. Tumia mizani ndogo ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Kijiko cha chai hubeba kiasi tofauti kila kinapojazwa. Ndimu na limau zina asidi hiyohiyo, ila nguvu zake hutofautiana kutoka tunda hadi tunda.

Kuna pia mgando ambao usipoteze muda kuuvuta. Ukichemsha maziwa na kuyakata kwa limau au siki yakiwa karibu na kuchemka, utapata jibini nyeupe safi ya kukaanga, lakini haitavutika kamwe. Kwenye joto hilo protini nyingine za maziwa, zile ambazo kwa kawaida huondoka na maji ya jibini, hubadilika umbo na kuganda pamoja na kaseini. Tando ya kaseini peke yake, ile inayoweza kuteleza, haikuwahi kuundwa. Hakuna maji ya moto yatakayoirudisha.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini maziwa ya pakiti ya muda mrefu hukataa. Yamepitishwa kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, na protini zake nyingine zimejibandika juu ya vifundo vya kaseini. Reneti haifanyi kazi vizuri pale, na hata ikifanya, vifundo havishikani sawasawa. Mgando wake huwa laini, wa chembe, unaokaa kijikoni kama jibini ya kupaka. Maziwa yaliyopashwa kwa joto la wastani, yaani nyuzi 63 kwa nusu saa au 72 kwa sekunde 15, hayana shida hiyo. Ukipasha mwenyewe nyumbani bila kipimajoto na maziwa yakafika 85, umejitengenezea tatizo lilelile.

Maziwa ambayo mafuta yake yamevunjwavunjwa kiwandani ili yasielee juu yako katikati. Yanavutika, lakini si sana, kwa sababu kila chembe ndogo ya mafuta imevikwa kaseini na inakaa kwenye tando kama sehemu yake, ikizuia nyuzi kujipanga. Ukipata maziwa ambayo bado huweka tabaka la malai juu, chukua hayo. Kloridi ya kalsiamu, ambayo watu huitia ili kuimarisha mgando dhaifu, isaidie tu pale inapohitajika na kwa kiasi kidogo. Kumbuka unaongeza kitu kilekile unachohangaika kukipunguza.

Halafu kuna mgando ambao pH yake haishuki kabisa. Saa tano zimepita, kipande bado kinakaa na umbo lake. Yogati huenda haikuwa hai, au bamba lilipoa. Uwezekano mwingine ni maziwa yenye mabaki ya dawa za kutibu ng'ombe, ambazo huua bakteria wako kama zilivyokusudiwa kuua wa ugonjwa. Njia rahisi ya kubaini ni kuchukua kikombe cha maziwa hayohayo, ukakitia kijiko cha yogati na kukiacha mahali penye joto la nyuzi 42 usiku mzima. Kisipoganda, huku yogati hiyohiyo ikigandisha maziwa mengine, umejua.

Sasa turudi kwenye maji ya moto, maana si kwamba hayana hatia hata mara moja. Mgando wenye kalsiamu sahihi bado utachanika ukivutwa ukiwa baridi. Ndani yake unapaswa kufika nyuzi 57 hadi 60, na watu hupima maji wakasahau kupima mgando. Tufanye hesabu. Gramu 500 za mgando wenye nyuzi 35 zikitiwa kwenye lita moja ya maji ya nyuzi 80, vyote viwili vitakutana karibu na nyuzi 67. Inatosha, na ziada ipo. Lakini mgando huohuo ukitoka kwenye friji ukiwa na nyuzi 5, mkutano utakuwa karibu na 59, bado bakuli halijachukua sehemu yake. Ukitumia nusu lita tu ya maji kwa mgando huo wa friji, utaishia kwenye nyuzi 47 hivi. Utakanda mpaka mikono iume, na mgando utachanika kila mara, ukiiga kabisa tabia ya mgando usiochachuka.

Kutofautisha kasoro hizo mbili ni rahisi. Mwaga maji yaliyopoa, mimina mengine ya nyuzi 80, subiri dakika mbili bila kugusa, kisha jaribu tena. Tatizo likiwa joto, mgando utabadilika mbele ya macho yako. Likiwa kalsiamu, utabaki vilevile hata ukimwaga maji mara tano. Ndiyo sababu ni vizuri kukata bamba vipande vyembamba vya sentimita moja, kupasha bakuli kwanza kwa maji ya moto, na kuyamwaga maji juu ya mgando kwa awamu mbili: ya kwanza kuupasha, ya pili kuuvuta.

Usiukande kama unga. Ubonyeze kwa mwiko mpaka vipande vishikane, uinue, uache ushuke, ukunje juu yake wenyewe, uinue tena. Kila ukivuta unapanga nyuzi, na kila ukivuta pia unakamua mafuta na maji. Uso ukishakuwa laini na wenye kung'aa, acha. Anayeendelea kwa sababu inafurahisha kuona utepe mrefu hupata jibini kavu, na mafuta yake yameelea kwenye bakuli. Maji ya zaidi ya nyuzi 85 nayo huyeyusha tabaka la nje kabla ndani hakujapata joto. Glavu nene za mpira zinasaidia, maana nyuzi 60 kwenye kiganja si mzaha. Chumvi tia mwishoni, bonge likiwa tayari limelainika, au itie kwenye maji ya kuhifadhia.

Viringisha bonge, likate kwa kulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, na utumbukize kila donge kwenye maji baridi mpaka lishike umbo. Ukilihifadhi kwenye maji matupu, baada ya siku moja au mbili ngozi yake hugeuka utelezi na kuanza kuchubuka, kwa kuwa kalsiamu iliyobaki kwenye tabaka la nje inahamia kwenye maji yasiyo nayo. Lihifadhi kwenye maji ya jibini yaliyochujwa na kutiwa chumvi kidogo, ambayo tayari yana kalsiamu na uchachu unaolingana na wa donge, na ngozi itabaki imara.

Na kama ulichelewa, mgando ukapita 5.0, usiupeleke kwenye maji ya moto kabisa. Hakuna njia ya kuirudisha kalsiamu iliyokwisha ondoka na maji. Ungali baridi, bado una mafuta yake yote na ladha ya uchachu inayopendeza. Uvunje kwa vidole, uchanganye na chumvi gramu 15 kwa kila kilo, ufunge kwenye kitambaa, na uweke kitu kizito juu yake usiku mzima ndani ya friji. Asubuhi utapata jibini ya kukatwa inayomeguka, ya kula baridi. Kama umeona dalili za kukaribia hapo lakini una shughuli nyingine, kata bamba vipande vinene na uvitie kwenye friji mara moja. Baridi hupunguza kasi ya bakteria wa yogati kiasi cha kukupa saa kadhaa, hata usiku mmoja, ila pH itaendelea kushuka kidogo kidogo. Basi uuweke mgando ukiwa karibu na 5.3, na utakapoutoa, uuache kwanza upate joto la chumba ndipo upashe maji.